Ombi la kadi ya ulemavu na ruzuku kwa mwanangu Idrisa

3 Machi 2025

Kwa Afisa Ustawi wa Jamii,

YAH: OMBI LA KADI YA ULEMAVU NA RUZUKU KWA MTOTO IDRISA, MIAKA 6

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Idrisa, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2018. Naomba asajiliwe, apewe kadi ya ulemavu, na aingizwe kwenye ruzuku ya watoto wenye ulemavu.

Idrisa ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa, na ripoti ya daktari wa watoto inaeleza kuwa ubongo uliumia kwa kukosa hewa. Miguu yote miwili na mkono wa kulia vimekakamaa. Hatembei, hasimami asiposhikwa, na hukaa kwa kuegemezwa. Ana kifafa pia, anakunywa dawa asubuhi na jioni. Tunachomwambia anakielewa, ila maneno hayatoki. Akikubali jambo hutazama juu.

Daktari ameandika kuwa "anahitaji msaada katika shughuli zote za kila siku". Ni mstari mmoja tu, lakini ndiyo siku yetu nzima. Mlo mmoja huchukua kama dakika 40, chakula kikiwa kimepondwa, kijiko kwa kijiko, maana ukiharakisha anapaliwa. Usiku naamka mara mbili tatu kumgeuza asipate vidonda. Kliniki nampeleka mgongoni, naye sasa ana kilo 17. Viatu vyote nilivyowahi kumnunulia vimembana soli zikiwa bado mpya.

Kazi ya ushonaji niliiacha alipofikisha miaka miwili. Ruzuku itasaidia nepi, dawa na nauli ya mazoezi. Kadi nayo ndiyo ninayoulizwa kila nikiomba kiti mwendo.

Ombi langu la Novemba 2024 lilirudishwa kwa sababu barua ya daktari haikuwa na mhuri, wala haikusema kama hali hii ni ya kudumu. Kosa hilo nalikubali, ingawa kuufuata mhuri huo kumenichukua miezi mitatu. Safari hii fomu ya tathmini imejazwa yote, imesainiwa na kupigwa mhuri, na neno "ya kudumu" limeandikwa.

Nimeambatisha fomu hiyo, ripoti ya daktari wa watoto, barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nakala ya kadi ya kliniki inayoonyesha dawa za kifafa, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho changu na picha mbili za mtoto. Nakala halisi ninazo, nitazileta zikihitajika.

Kama ni lazima afike mbele ya jopo, naomba tusipangiwe Jumanne wala Ijumaa, ambazo ni siku zake za mazoezi. Naomba pia aonwe chumba cha chini. Mara ya mwisho tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, naye alikuwa mgongoni.

Wako mtiifu,

Zainabu Hamisi
Mama mzazi wa Idrisa