Kuuamini Mfumo wa Usiku na Kuuhakiki Asubuhi

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawashukuru kwa kufika mapema kabla hatujafungua milango kwa wanachama.

Kila usiku, baada ya sisi kuondoka, mfumo unafunga siku. Unaingiza marejesho ya mikopo yaliyopokelewa kwa simu na kwa mawakala, unakokotoa riba, unapitisha makato ya mishahara yaliyoletwa na waajiri, kisha unahamisha jumla kwenye leja kuu na kufungua tarehe mpya. Kazi hiyo zamani iliwaweka wahasibu ofisini hadi usiku wa manane, na makosa ya uchovu yalikuwa mengi kuliko tunayoyaona leo. Kwa hiyo naomba tuuamini mfumo huu. Wapo kati yetu wanaorudia kukokotoa kwa mkono riba za wanachama wote. Nia yao naiheshimu, lakini muda huo unahitajika mahali pengine.

Mahali penyewe ni hapa. Asubuhi skrini inapoandika kwamba kazi imekamilika, inatuambia tu kwamba hatua zote zimepita bila kukwama. Haituambii kwamba faili lililosomwa lilikuwa la jana, wala kwamba lilikuwa zima. Mfumo ukipewa faili la juzi utalichakata kwa utulivu uleule, na taarifa yake itapendeza vilevile. Ndiyo maana uhakiki wetu hauwezi kutegemea taarifa ya mfumo peke yake; lazima upande mmoja wa ulinganisho utoke nje, yaani kwenye taarifa ya kampuni ya simu, taarifa ya benki, au orodha iliyosainiwa na mwajiri.

Msimamizi wa zamu ataanza na tarehe ya faili, kisha idadi ya miamala, kisha jumla ya fedha, akilinganisha zilizotoka nje na zilizoingia kwenye leja. Hata hivyo, idadi na jumla zinaweza kukubaliana huku rejesho la mwanachama mmoja limeingia kwa mwingine, kwa kuwa fedha ni zileile na muamala ni mmoja. Kwa sababu hiyo tutachukua pia miamala michache, tofauti kila siku, na kuifuata kwa namba yake ya kumbukumbu hadi kwenye akaunti ya mwanachama. Kwa upande wa riba, mkopo mmoja unatosha kutuonyesha kama kanuni iko sawa: salio la shilingi 3,650,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka wa siku 365 linapaswa kuongeza shilingi 1,800 kwa siku, na hilo kikokotoo cha mezani kinalithibitisha mara moja.

Akaunti ya muda, inakoangukia miamala isiyotambulika mwenyewe, naomba muitazame kwa uzito wa pekee. Nyuma ya kila kiasi kilicholala humo yupo mtu aliyelipa kwa wakati, ambaye mfumo unamhesabu kuwa mdaiwa na huenda ukamtoza adhabu asiyostahili. Kuona salio la akaunti hiyo likikua siku baada ya siku bila kuuliza ni kumdhulumu mwanachama.

Ikitokea kazi imekwama katikati, asiianzishe mtu upya kabla ya kujua ni hatua ipi iliyokwisha kuingia kwenye leja. Haraka ya kuwahi kufungua dirisha ndiyo inayozaa makato ya mara mbili, na kuyarejesha huchukua muda mrefu kuliko kuchelewa kwa saa moja.

Usiku wa kufunga mwezi, na usiku unaofuata mabadiliko yoyote ya programu, uhakiki utakuwa kamili, si wa sampuli. Mwezi Juni 2012 kundi la benki la RBS nchini Uingereza lilipata tatizo baada ya kusasisha programu inayopanga kazi za usiku. Mamilioni ya wateja hawakuweza kutumia akaunti zao ipasavyo, na mwaka 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha wakalitoza faini ya jumla ya pauni milioni 56. Ikiwa benki kubwa kiasi hicho iliyumbishwa na sasisho moja, sisi hatuna sababu ya kulipokea sasisho kwa kulitazama juujuu.

Utaratibu huu unaanza Jumatatu. Uhakiki uwe umesainiwa kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na tofauti yoyote, hata ya shilingi mia, iandikwe bila kusawazishwa kimyakimya. Anayeiripoti hatalaumiwa kwa kuchelewesha kazi. Fomu mpya ziko kwa mhasibu mkuu, na wanaoshughulikia akaunti ya muda naomba wabaki tuyapitie pamoja masalio ya wiki hii.