Kabula na Bakuli la Michembe

Hadithi! Hadithi!
Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!

Kabula aliishi na bibi yake Kirumba, Mwanza, karibu kabisa na ziwa, mahali ambapo mawe ni makubwa kuliko nyumba.

Siku moja bibi alipika michembe, yaani vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi vikauke, akaitia karanga, kisha akampa Kabula bakuli lenye vipande tisa.

Kulwa alikuja mbio. “Kabula, tule pamoja?”

Kabula akakumbatia bakuli. “Vyangu ni vyangu, vyote tisa ni vyangu!”

Doto, pacha wake Kulwa, naye akaja. “Kabula, tule pamoja?”

“Vyangu ni vyangu, vyote tisa ni vyangu!”

Hata Masanja mdogo, ambaye alikuwa hajajua kutamka vizuri, akaja akiburuta kandambili za kaka yake. “Kabula, tule pamoja?”

“Vyangu ni vyangu, vyote tisa ni vyangu!”

Kabula akapanda juu ya jiwe kubwa, peke yake, akala kipande kimoja. Kilikuwa kitamu sana! Akafurahi, na kwa kuwa kila akifurahi hupenda kutega vitendawili, akaita kwa sauti: “Kitendawili!”

Nani angemjibu? Ziwa lilisema tu: chwaa, chwaa.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi: “Kitendawili!”

Chwaa, chwaa.

Kabula akatazama chini. Kulwa, Doto na Masanja walikuwa wameketi mchangani, kando ya dagaa walioanikwa, wakiwafukuza ndege kimyakimya. Akatazama bakuli lake. Vipande vinane vilikuwa bado vimo, lakini hakutamani tena kula hata kimoja.

Akashuka polepole, bakuli mkononi, hadi mchangani.

“Kulwa, tule pamoja?” Akampa viwili.

“Doto, tule pamoja?” Akampa viwili.

“Masanja, tule pamoja?” Akampa viwili, naye Masanja akavitia vyote mdomoni kwa mara moja, mashavu yakavimba kama mpira.

Kabula akabaki na viwili vyake, akala taratibu, akajifuta midomo, kisha akaita: “Kitendawili!”

“Tega!” wakajibu wote watatu, hata ndege wakaruka.

“Bakuli likijaa nina njaa, bakuli likiisha nimeshiba.”

Wakafikiri. Kulwa akakuna kichwa, Doto akakuna kichwa, Masanja akakuna tumbo.

“Tumeshindwa!”

“Nipeni mji.”

“Chukua Ukerewe!”

“Nimekwenda Ukerewe kwa mtumbwi, nimekula sato, nimewaletea na ninyi, nimerudi. Jibu ni michembe ya bibi!”

Wakacheka mpaka bibi akatoka nje kutazama kuna nini, akamkuta Masanja ameingiza kichwa ndani ya bakuli, akilamba karanga za mwisho.