Kisukari na Saumu: Usiku wa Maswali na Daktari

Jumamosi, 12 Desemba 2026. Tangazo

Assalamu alaykum, jamaa wa mtaa.

Rajabu imeandama. Ramadhani, Mungu akitufikisha, yatarajiwa wiki ya pili ya Februari, mwandamo utakavyotangazwa na Kadhi Mkuu. Najua wako watakaosema ni mapema mno kuanza habari za mfungo, hata Krismasi za majirani hazijapita. Kwa mwenye sukari si mapema. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, uliotoka mwaka 2016 na kupitiwa upya 2021, wataka mgonjwa aonane na daktari wake wiki sita hadi nane kabla ya kufunga. Hesabuni kurudi nyuma kutoka Februari, mtaona wiki zenyewe ndizo hizi.

Basi Jumamosi ijayo, tarehe 19 Desemba, baada ya Isha, tutakuwa na daktari wa kisukari mubashara hapahapa kundini. Tutaanza saa mbili na nusu usiku na kumaliza saa nne. Ni yule bibi aliyekuja madrasa kutupima baada ya Maulidi, aliyewakatalia wazee wetu wawili kuondoka mpaka wavue viatu awatazame nyayo. Amejitolea, hakuna kiingilio wala mchango.

Itakavyokuwa: kuanzia saa mbili na robo nitalifunga kundi, wasimamizi peke yao ndio wataweza kuandika. Swali lako nitumie mimi faraghani, kuanzia sasa hadi Ijumaa usiku. Nitaliweka bila jina. Bi Daktari atajibu kwa sauti, na binti yangu atakuwa akiandika kila jibu kwa ufupi, kwa ajili ya wasioweza kusikiliza na wenye simu za kuishiwa bando katikati ya maneno. Ukiwa na swali papo hapo wakati tunaendelea, nitumie pia, ila yaliyotangulia yatajibiwa kwanza.

Faragha naisisitiza kwa sababu najua tulivyo. Mtu atakuwa na sukari miaka kumi na jirani wa ukuta mmoja hajui. Ramadhani anafunga kimyakimya, dawa anameza anavyoona mwenyewe, na ikifika alasiri jasho la baridi lamtoka naye ajisingizia joto. Mimi nayaona haya kila mwaka na nimechoka kuyanyamazia.

Hukumu za fidia na kulipa si kazi ya daktari. Aya ya 184 ya Suratul-Baqara yatosha kutujulisha kwamba mgonjwa ana nafasi yake katika dini. Ufafanuzi wake ameupokea ustadhi wetu, naye atauzungumza kwenye darsa ya Ijumaa ya tarehe 25. Daktari atakwambia mwili wako waweza au hauwezi. Hapo ndipo mpaka.

Jumatano, 16 Desemba. Kikumbusho

Jamaa, zimebaki siku tatu. Maswali yanaingia, ahsanteni. Mengi ni mazuri, lakini mengine daktari hataweza kuyajibu kwa namna yalivyoandikwa. "Nameza kidonge cheupe, je nifunge?" Vidonge vyeupe ni vingi mno, jamani. Piga picha ya pakiti, upande wenye jina la dawa na nguvu yake. Sema wameza mara ngapi kwa siku na saa ngapi. Sema una umri gani, kama wajidunga insulini, na kama katika miezi ya karibuni sukari imewahi kukushuka hadi ukahitaji mtu wa kukusaidia. Kama una ugonjwa wa figo au wa moyo, au una mimba, hilo liandike mstari wa kwanza.

Mwenye mashine nyumbani ajipime kesho na keshokutwa, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula, aniletee namba. Tazama mashine yako yatumia kipimo gani. Ikionyesha namba kama 7.2 ni mmol/L, ikionyesha 130 ni mg/dL. Hii ya pili ukiigawanya kwa 18 wapata ile ya kwanza. Nauliza kwa sababu kuna ami yetu mmoja aliyeniandikia kuwa sukari yake ni 140 na ya mkewe ni 8, akadhani mkewe amepona. Wako karibu sawa.

Wanaomtunza mzazi nao waulize. Mama mzee hana simu ya kisasa, wewe ndiye simu yake.

Jumamosi, 19 Desemba, asubuhi

Leo ndiyo leo. Saa mbili na nusu usiku, baada ya Isha. Chaji simu mapema, stima haina ahadi. Walioko Dubai na Maskati watuongezee saa moja: kwenu itakuwa saa tatu na nusu usiku. Milango ya maswali ya kutangulia imefungwa jana, ya papo hapo bado iko wazi.

Saa mbili na robo usiku

Nafunga kundi sasa. Daktari ameshaingia. Kaeni na kalamu.

Saa nne na dakika ishirini usiku

Tumemaliza, kwa kuchelewa, na makosa ni ya utamu wa maswali. Bi Daktari, Allah akulipe kheri. Nyote mliouliza, hata yule aliyeuliza swali la biriani mara tatu, shukrani. Kundi nimelifungua. Tafadhalini msianze kupeana vipimo vya dawa humu ndani usiku huu. Jibu alilopewa mwenzio ni la mwili wa mwenzio. Muhtasari kesho.

Jumapili, 20 Desemba. Muhtasari wa majibu

Assalamu alaykum. Sauti zote ziko juu, msizifute. Kwa wasiopata nafasi, haya ndiyo yaliyobeba uzito.

Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi saumu. Daktari alilisema, na ustadhi, aliyekuwa akisikiliza, akaniandikia palepale nilithibitishe. Nimelitanguliza kwa sababu ndilo lililoulizwa na wengi kuliko yote, na kwa sababu watu huacha kujipima mwezi mzima kwa kuogopa tone la damu. Jipime kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu na saa mbili baada yake. Vijiti ni ghali, twajua. Asiyeweza zote asiikose ya alasiri, na ajipime wakati wowote anapojihisi vibaya.

Kuna namba mbili za kubandika kwenye friji. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (70 kwa kipimo kingine), fungua. Ikizidi 16.6 (300), fungua. Hata ikiwa imebaki robo saa adhana ilie. Hapo kulizuka mabishano nyuma ya pazia, nikatumiwa jumbe za "mbona mzee fulani alivumilia". Daktari hakulegeza, wala mimi silegezi.

Dalili za kushuka ni mkono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kisha maneno kuchanganyika. Dawa yake ni sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda, ile ya kawaida, si isiyo na sukari. Subiri dakika kumi na tano, upime tena. Aliyezimia asitiliwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Kuhusu vidonge. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, na kwa kawaida huhamishiwa futari na daku. Glibenklamaidi ndiyo ya kuogopwa kwa mwenye kufunga, kwa kuwa huendelea kuisukuma sukari chini hata tumbo likiwa tupu. Anayeitumia asifunge kabla ya kumwona daktari wake, kwa maana huenda akabadilishiwa dawa au kupunguziwa. Insulini ni vivyo hivyo: kiwango cha daku na cha futari hupangwa upya, na kazi hiyo haifanywi kwa kukisia. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, waja wazito wanaotumia insulini, wenye figo zilizodhoofika sana, na walioshukiwa sukari vibaya karibuni, ushauri wake ulikuwa mmoja: wasifunge. Mwana mmoja alimuulizia mamake aliye katika kundi hilo, na kumsikia daktari akimwelezea polepole, "mwambie mama kwamba kuulinda mwili nako ni amana", nilinyamaza kidogo kabla ya kuweka swali lililofuata.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda, itupwe. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje kama wiki nne ikiwa mahali pasipozidi nyuzi 30, na hapa ndipo shida yetu ya Mombasa, Februari yenyewe mwaijua. Asiye na friji aitie ndani ya mfuko usiopenya maji, aiweke katika chungu cha udongo kilicholowanishwa nje, kivulini penye upepo. Dirishani na ndani ya tuktuk si mahali pake.

Sasa chakula, maana humu ndimo kelele zilimokuwa. Futuru kwa maji na tende, moja hadi tatu. Kaimati zilizochovywa shira, tambi za sukari na sharbati ya rangi kwa pamoja ni kujitafutia usiku mbaya. Hakusema usionje kamwe. Alisema chagua kimoja, kidogo, na wali au viazi vya rojo vipungue siku hiyo. Supu, samaki, mchicha na mbaazi kuleni, ila tui la mbaazi liwe jepesi (hapa nilisikia mtaa mzima ukiguna). Daku isirukwe, na isiliwe saa sita za usiku ukalala. Icheleweshe hadi karibu na Alfajiri. Na biriani: sahani ndogo, mara moja moja. Sasa lishajibiwa.

Maswali kumi na moja yalibaki. Daktari ameyachukua na atamjibu kila mtu kupitia kwangu kabla ya Jumatano.

Jumanne, 12 Januari 2027. Kikumbusho cha mwisho

Jamaa, Shaabani ndiyo hii, na Mlisho wapita upesi. Nauliza moja tu: umekwenda kliniki? Iwe Makadara, Tudor, Port Reitz, Likoni au kwa daktari wako wa faragha, nenda na daftari lako la namba na pakiti zote za dawa, uondoke na ratiba iliyoandikwa ya Ramadhani. Ukiruhusiwa kufunga, mwombe daktari siku moja ya kujaribu mwezi huu, ukiwa na mashine karibu.

Vijiti vya kupimia nunueni sasa. Tunakusanya majina ya wanaotaka kununua kwa pamoja ili tupate bei ya jumla. Niandikieni faraghani aina ya mashine yenu kabla ya Ijumaa adhuhuri, kwa kuwa vijiti vya mashine moja haviingii nyingine, na duka halirudishi vilivyofunguliwa.