Kiti cha Baba: hati ya video ya mchango, dakika 2

PICHA: Karakana ya ushonaji, Katuba, Lubumbashi. Asubuhi. Mashini ya kushona ya miguu imefunikwa kitambaa. (Muziki wa huzuni usiwekwe, kelele za barabarani zinatosha.)

BINTI (anatazama kamera): Jambo yenu, ndugu na marafiki. Kiti hiki ni cha Baba. Miaka 22 ameshonea hapa sare za shule, shati nyeupe na suruali ya bluu. Kama ulisoma kartie hii, pengine shati lako la kwanza lilipita mikononi mwake. Na pengine mama yako alilipa nusu, nusu nyingine akaileta Noeli.

Mwezi wa 5 pikipiki iliyombeba ilianguka, akavunjika mfupa wa paja la kulia. Amepasuliwa, amewekewa chuma, imekwenda vizuri. Kitandani hatukumpiga picha. Yeye mwenyewe alisema: "Watu wananijua nikishika mkasi."

PICHA: Fakitire mezani. Jina la hospitali limefunikwa.

BINTI: Daktari ameshamruhusu. Kaisa bado. Fakitire ni dola 1,480 na bima hatuna. Tumelipa 620: likelemba ya Mama 250, friji tuliyouza 180, wajomba na majirani 190. Zimebaki 860. Juu yake tunaweka 120 za mazoezi ya mguu, mara 12, kila mara dola 10. Mazoezi si anasa: mashini hii haina mota, inaenda kwa mguu.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: Tunatafuta dola 980.

PICHA: Mjomba amekaa mlangoni, daftari mapajani.

MJOMBA: Mimi ndiye ninayepokea, na Mama anahesabu nyuma yangu. (Anacheka.) Huyo hapitwi na franka. Pesa za fakitire zinakwenda kaisa moja kwa moja, na kila risiti tutaiweka chini ya video hii. Siku tukifika 980, tunafunga mchango siku hiyohiyo.

BINTI: Bonyeza palipoandikwa "Changia". Ukiwa Kongo, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote zinapita, hata franka 2,000. Makuta hayapo sasa? Lete kipimo cha mtoto. Masomo yanaanza Septemba. Mwanafunzi wa Baba anakata, mimi nashona. Ulipe bei ya kila mwaka, hatukupandishii.

PICHA: Baba kwenye benchi, uani mwa hospitali, shati limepigwa pasi. Anaonekana kuanzia kifuani. Picha hii aliitazama kwanza, akakubali.

BABA: Aksanti kwa waliokwisha kutuma. Wale wa deni la Noeli, msijifiche, sikuja kudai.

(Anamtazama anayerekodi.)

BABA: Wewe, hiyo kola nani alikushonea? Imepinda. Ivue, niletee sindano.