Mwongozo wa Mahojiano: Mwaka wa Kwanza Kazini kwa Walimu wa Sekondari Msingi, Nairobi

Toleo la tatu, baada ya majaribio. Kwa wahoji wote watatu.

Tutawahoji walimu 18 walioanza kazi Januari katika shule za umma za Embakasi, Kasarani na Dagoretti. Tunawafikia muhula wa tatu, mwaka wao ukielekea ukingoni. Kila mahojiano ni dakika 60, yasizidi 75. Maswali yenye nambari aulizwe kila mtu, ila mpangilio si amri. Yanayofuata neno "Dodosa" ni ya akiba, ya kutumia mhojiwa akikwama au akipita juu juu. Akijibu swali la 8 mkiwa bado kwenye la 2, mwache atiririke na utie alama tu.

Nasisitiza jambo moja. Toleo la kwanza liliuliza, "Umekumbana na changamoto zipi?" Walimu wote wawili wa majaribio walitukaririria orodha ile ile: darasa limefurika, vitabu haba, malipo duni. Ni kweli, lakini hayo tungeyasoma gazetini. Kwa hiyo neno "changamoto" lisitoke kinywani mwako. Akilileta mwenyewe, mwambie, "Hebu nipe siku moja ilipotokea hivyo." Tunatafuta siku, si maoni.

Kabla ya kuketi

Usimhoji shuleni kwake. Hata mkifungiwa ofisi, kila anayepita dirishani ni mwalimu mwenzake. Mwache achague mahali, mradi kelele za matatu zisimeze sauti. Beba nakala ya kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, fomu mbili za ridhaa, karatasi nyeupe na kalamu. Mwite "Mwalimu" mpaka akupe jina analopenda. Lugha ni yake: akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, mfuate, na uandike alivyosema bila kusafisha.

Soma hivi, polepole

"Habari ya jioni, Mwalimu, na pole kwa kazi. Ninataka kusikia mwaka wako wa kwanza ulivyokuwa, kwa maneno yako. Sikukagui, na hakuna jibu sahihi. Ukikubali nitarekodi, ukitaka nizime, sema tu. Jina lako na la shule halitaonekana popote, wala mwalimu mkuu na Tume ya Utumishi wa Walimu hawatapewa ulichosema. Unaweza kuruka swali au kuacha kabisa, na nauli yako ya shilingi 300 utapata vilevile. Jambo moja tu siwezi kulificha: nikisikia kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi, itabidi nitafute msaada, na nitakueleza kwanza. Una swali kabla hatujaanza?"

Asubiriwe. Wengi huuliza, "Hii haitafika kwa mwalimu mkuu, sivyo?" Jibu bila kucheka. Kisha atie sahihi, na ndipo uwashe kinasa sauti.

Kufika

1. Nirudishe siku uliyoripoti. Ulitoka nyumbani saa ngapi, na nani alikuwa wa kwanza kuongea nawe pale shuleni?
Dodosa: Alikukabidhi nini mkononi? Chumba cha walimu, ulikaa wapi? Kiti hicho kilikuwa cha nani?

Swali la kiti linaonekana la kipuuzi. Msiliondoe. Mwalimu mmoja wa majaribio alilijibu kwa dakika kumi na moja, na humo ndimo tulimoelewa jinsi shule ile ilivyompokea.

2. Nisimulie kipindi chako cha kwanza kabisa, tangu ulipokaribia mlango.
Dodosa: Wanafunzi walikuitaje: mwalimu, ticha, madam? Ulisema nini kwanza? Kengele ilipolia ulienda wapi?

Kazi yenyewe

3. Nisomee ratiba yako ya Jumatatu, kipindi baada ya kipindi.
Dodosa: Hilo somo la tatu lilikufikiaje?

Tunajua walimu wengi wa ngazi hii wamepewa masomo ambayo hawakusomea. Ukiuliza moja kwa moja, linasikika kama shtaka. Acha ratiba iseme.

4. Andalio la somo uliloandika mwisho: uliliandika lini, ukiwa wapi?
Dodosa: Darasani ulilifuata hadi wapi?

Wapo watakaokiri kuwa waliliandika baada ya kipindi, mkaguzi akiwa njiani. Usitabasamu, usishangae.

5. Kumbuka kipindi ulichotoka ukijisikia mwalimu kwelikweli. Kilikuwaje?

6. Na siku darasa lilipokushinda kabisa?
Dodosa: Ulifanya nini dakika ile ile? Nani alijua? Ungefanya nini leo?

Hapa nendeni kwa uangalifu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko, na kila mwalimu anaijua, kwa hiyo utasomewa sheria badala ya kuambiwa yaliyotokea. Usiitaje wewe kwanza. Akigusia kiboko, uliza, "Walimu wenzako wangefanyaje pale?" Mtu husema ya wengine kwa urahisi, kisha polepole hufika kwake. Akitaja mtoto anayeumizwa sasa, zima kinasa sauti, mkumbushe ulichosema mwanzoni, kisha nipigie kabla hujaondoka pale. Nambari ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116.

Watu

Hapa ndipo penye utajiri, msiharakishe. Madarasa ya sekondari msingi yalianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu wa msingi. Mgeni huyu ameingia nyumba yenye wenyewe.

7. Mpe karatasi. "Andika 'mimi' katikati, kisha uzungushe watu uliowaendea ulipokwama mwaka huu. Wa karibu waweke karibu. Usiandike majina, andika tu ni nani kwako."
Dodosa: Huyu wa karibu zaidi, mara ya mwisho mliongea nini? Kuna uliyetarajia awe hapa na hayupo? Yuko asiye mwalimu?

Nyamaza anapochora, hata dakika mbili. Mmoja alimweka karibu zaidi mama anayeuza chai langoni.

8. Nani ameketi nyuma ya darasa lako akikutazama ukifundisha? Alikwambia nini baadaye?

9. Uliyoyapata kwenye mazoezi ya ualimu, lipi lilikubeba, na lipi halikufua dafu?

Mfuko

10. Mwezi uliopita, tarehe 20 hivi, ulikuwa unaishije?

Basi. Usiulize kiasi. Kama ni mwanagenzi, si wa ajira ya kudumu, atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza sentensi. Ulilonalo la kudodosa ni nauli na kodi.

Kufunga

11. Chora mstari wa mwaka wako, Januari hadi leo, ukipanda ulipokuwa juu na kushuka ulipokuwa chini. Kisha nioneshe penye shimo.
Dodosa: Nini kilikutoa hapo? Uliwahi kufikiria kuacha? Siku gani hasa?

Akilia, usimfariji kwa methali. Zima kinasa sauti, mpe maji, ngoja. Aamue yeye kama mtaendelea.

12. Januari ijayo akija mwalimu mpya akae kile kiti chako, utamwambia nini ambacho wewe hukuambiwa?

13. Kuna nililopaswa kuuliza nikasahau?

Shukuru, mpe nauli, azima michoro uipige picha. Ukishazima kinasa sauti usikimbilie kufunga mkoba: maneno mazito hutoka mkiwa mmesimama. Ukiyasikia, muombe ruhusa ya kuyatumia. Andika nusu ukurasa wa kumbukumbu kabla ya kupanda matatu, na sauti unitumie usiku huo huo, faili ikiwa na nambari ya mhojiwa, si jina lake.