Ombi la kazi ya kulipwa: video tatu za viungo vizima, Sh 2,400,000

Dada Mwanahamisi, assalaam alaykum, na pole na majukumu.

Naitwa Halima, nashughulikia masoko katika Nukia Viungo ya Muheza, Tanga. Sisi ni kampuni ndogo. Tunanunua pilipili manga, hiliki, mdalasini na karafuu kwa wakulima wa tarafa ya Amani, juu kule Usambara Mashariki, tunachambua na kupakia hapa Muheza mjini. Nakuandikia kukuomba ufanye nasi kazi ya kulipwa kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka huu. Masharti yote nimeyaweka humu humu, pamoja na pesa, ili uamue ukiwa umeshaona kila kitu.

Kwanza nikwambie kwa nini wewe. Kila ukipika pilau, watu wanakuuliza chini ya video umetumia bizari ya pakiti gani, nawe unawajibu nunueni nzima, kaangeni kidogo, twangeni wenyewe. Hilo ndilo tunaloliamini sisi pia. Hatuuzi kiungo kilichosagwa hata kimoja. Kiungo kikishasagwa harufu yake huanza kupotea, na mnunuzi hana tena njia ya kujua ndani kuna nini. Pilipili manga nzima unaiona kwa macho: iliyokomaa ni nzito na ukiitia kwenye maji inazama, changa huwa tupu ndani na inaelea, na mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo wengine huzichanganya humo, zinaelea vilevile. Mdalasini wetu ni ule wa magome membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka, unaovunjika kwa vidole. Gome nene gumu hatulipakii. Mkulima anayesubiri pilipili yake ikomae tunamlipa zaidi ya anayechuma mapema, kwa sababu kusubiri kunamgharimu: pesa anaihitaji sasa na wezi wako njiani. Ndiyo maana pakiti yetu ya gramu 50 ya pilipili manga ni Sh 3,000, na dukani utakuta za bei ya chini ya hapo. Tunahitaji mtu anayeweza kumwonyesha mpishi wa nyumbani tofauti hiyo jikoni, na wewe umekuwa ukiionyesha kabla hatujakufahamu.

Kabla ya mkataba wowote, naomba nikutumie viungo vyote vinne kwa basi. Pika navyo wiki mbili, mpe na mama yako aonje kama unavyofanya siku zote. Usipovipenda, tuambie hivyo tu na mzigo ubaki kwako. Hakuna deni wala kinyongo. Ukivipenda ndipo tuendelee na haya yafuatayo.

Kazi yenyewe ni video tatu, kila moja ya sekunde 60 hadi 90, uiweke TikTok na Instagram siku hiyo hiyo, pamoja na stori mbili za Instagram kwa kila video. Ya kwanza itoke kati ya tarehe 20 na 25 Oktoba, ya pili katikati ya Novemba, ya tatu isizidi tarehe 15 Desemba, watu wakiwa wanajiandaa kwa Krismasi na harusi za mwisho wa mwaka. Chakula unachagua wewe. Chai ya hiliki, pilau, mchuzi wa pweza, chochote unachopika kweli nyumbani kwako. Tunaomba mambo mawili tu yaonekane katika kila video: kiungo kikiwa kizima kabla hakijatwangwa, na pakiti yetu walau mara moja. Katika mojawapo ya hizo tatu tungependa ufanye lile jaribio la maji, nalo ulifanye kwa pilipili yetu. Hatutaki ulete pakiti ya mtu mwingine uilinganishe kwa jina.

Maneno ni yako. Hatukuandikii cha kusema, na hatukuombi useme ni bora kuliko vyote. Tunakulipa kwa kazi ya kupika, kupiga na kuhariri, hatununui sifa. Kama hiliki yetu imekuridhisha lakini mdalasini umekuona wa kawaida, ongelea hiliki.

Ila kuna mawili tunayasisitiza, na hapo hatutalegeza. Moja, mtazamaji ajue kuwa umelipwa: useme kwa mdomo mwanzoni mwa video, na uwashe lebo ya ushirikiano wa kulipiwa ambayo mitandao yote miwili inayo. Watu wanakuamini, na imani hiyo si yetu kuichezea. Pili, usiseme kiungo chetu kinatibu kitu. Najua mdalasini unasifiwa kila kona kwa sukari na presha. Sisi tunauza chakula, tumesajiliwa TBS kama chakula, na kuna wagonjwa wanaoacha dawa zao kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Mtu akiuliza chini ya video, mjibu kuwa hilo ni la daktari.

Jambo jingine nalisema kwa heshima. Mwanao huwa anapita jikoni ukiwa unarekodi, na watu wanampenda. Katika video hizi tatu tunaomba sura yake isionekane. Hajafikia umri wa kukubali au kukataa tangazo, na hatutaki uso wake uhusishwe na bidhaa yetu.

Sasa malipo. Ujira ni Sh 2,400,000 kwa kazi yote, yaani Sh 800,000 kwa kila video na stori zake. Asilimia 40, ambayo ni Sh 960,000, tunakulipa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kutia saini, kabla hujawasha jiko. Sh 1,440,000 zilizobaki tunalipa ndani ya siku 14 baada ya video ya tatu kutoka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 inatutaka tuzuie kodi ya asilimia 5 tunapomlipa mtengeneza maudhui ya mtandaoni, kwa hiyo mkononi utapata Sh 912,000 awamu ya kwanza na Sh 1,368,000 ya pili, jumla Sh 2,280,000. Zile Sh 120,000 tunazipeleka TRA kwa jina lako na tunakupa cheti chake. Kwa hilo tutahitaji namba yako ya TIN. Malipo yanakwenda benki au M-Pesa, utakavyo wewe, na ada ya kutuma ni juu yetu. Nyama, mchele, kuku na mahitaji mengine tunakurudishia kwa risiti hadi Sh 180,000, mbali na ujira. Ya sokoni isiyo na risiti, karatasi yenye bei na saini ya muuzaji inatosha.

Pesa hii haitegemei watazamaji. Video ikitazamwa na watu mia tano au laki tano, ujira ni ule ule. Tunachoomba ni picha ya takwimu za kila video siku 30 baada ya kutoka, tujifunze. Sitakuletea habari ya kulipwa kwa asilimia ya mauzo. Namna hiyo inamwachia mbunifu hasara ya duka ambalo si lake.

Kuhusu kupitia video: utatutumia kwa WhatsApp kabla ya kuitoa, nasi tuna siku 2 za kazi. Tutagusa makosa ya ukweli tu, kama bei, jina, au mahali kiungo kilipotoka, na mara moja tu. Mwanga, mziki, mavazi, utani wako na jirani, hayo hatuna neno nayo. Siku mbili zikipita tuko kimya, itoe. Wimbo wowote utakaoweka uwe ule ambao mtandao unaruhusu kwa matangazo ya biashara. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva haziruhusiwi bila idhini ya mwenye wimbo, na hatutaki ufutiwe video kwa ajili yetu.

Hakimiliki inabaki kwako. Tunaomba ruhusa ya kuziweka video hizo katika kurasa zetu, jina lako likiwa juu, kwa miezi 6 tangu kila moja ilipotoka, na kuwaonyesha wenye maduka kwenye simu tunapokwenda kuuza. Baada ya hapo tunaziondoa. Mabango, televisheni, pakiti zenye picha yako, yote hayo hayamo. Tukitaka kuilipia video isukumwe kama tangazo kupitia akaunti yako, tutakuomba kwanza, na ukikubali tunakulipa Sh 300,000 zaidi kwa kila siku 30. Ukikataa, kazi inaendelea kama ilivyo.

Tunakuomba pia usitangaze viungo vya kampuni nyingine tangu video ya kwanza itoke hadi tarehe 15 Januari. Hili ni viungo pekee. Mafuta, mchele, unga, sufuria, endelea na wateja wako wote. Kama tayari una makubaliano na mtu wa viungo, niambie mapema tutafute tarehe nyingine.

Na mambo yakiharibika? Sisi tukivunja baada ya kutia saini, malipo ya kwanza hayarudi. Na kama video ulizokwisha kututumia zinazidi thamani hiyo kwa hesabu ya Sh 800,000 kila moja, tunakuongezea tofauti. Wewe ukishindwa kuendelea, tunahesabu zilizotoka kwa bei hiyo hiyo: kilichozidi unarudisha ndani ya siku 30, kilichopungua tunakulipa. Ugonjwa na msiba havihesabiwi kuwa kushindwa. Unatutumia ujumbe, tunasogeza tarehe.

Mkataba ni wa kurasa tatu, umeandikwa kwa Kiswahili, na hauna sharti ambalo halimo humu. Nitakutumia mara utakapotaka kuuona, na usiwe na haraka ya kusaini. Mwonyeshe mtu unayemwamini. Kama ujira huu uko chini ya bei yako ya kawaida, taja yako. Bajeti yetu ya ujira haiwezi kuvuka Sh 2,700,000, hiyo nakwambia wazi, lakini idadi ya video tunaweza kuipunguza zikawa mbili ili ilingane na bei yako.

Naomba jibu lako hadi tarehe 25 Septemba, hata likiwa ni hapana. Kwa sasa nahitaji kujua tu kama nikutumie viungo vya kujaribu, na kama ni ndiyo, basi la kwenda wapi na vipokewe na nani. Swali lolote unaweza kuniandikia hapa hapa au kunitumia ujumbe wa sauti, najibu mwenyewe.

Wasalaam,
Halima
Masoko, Nukia Viungo
Muheza, Tanga