Fisi na Mafunda Kumi

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Kule Ruaha, upande wa Iringa, uko mto unaoitwa Mwagusi. Mvua zikinyesha, mto huo hujaa na kunguruma. Kiangazi kikikolea, maji ya juu hukauka, ukabaki mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini maji hayaishi yote. Mengine hujificha chini ya mchanga, na anayejua pa kuchimba hafi kiu.

Bibi Tembo alijua. Alipita katikati ya mto polepole, akinusa chini kwa ncha ya mkonga. Alipofika pale mto unapopinda, chini ya mbuyu mkubwa, alisimama.

"Hapa," alisema.

Akaanza kwa mguu wa mbele. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na wa moto, akausukuma kando. Chini yake ukaja mchanga wa baridi. Chini ya huo ukaja mchanga uliolowa, ukiufinyanga unashikana. Hapo aliacha mguu, akatumia mkonga, anachota kidogo kidogo na kutupa mbali. Hakuurundika mchanga mdomoni mwa kisima, kwa sababu uzito wake ungeusukuma ukuta, na ukuta ungeporomoka ndani. Wala hakuchimba kwenda chini wima. Aliulaza ukuta, ukateremka taratibu hadi chini, maana mchanga haupendi kusimama.

Maji ya kwanza yalikuja machafu. Akayanyonya, akayamwaga. Ya pili yakaja na ukungu, nayo akayamwaga. Ya tatu yakaja safi.

Siku ile Bibi Tembo alichimba visima viwili, kikubwa cha ukoo wake na kidogo cha majirani. Kisha akawaita majirani wote.

"Kisima hiki kidogo ni chenu," alisema. "Kinajaa polepole, maji yanachuruzika kutoka mchangani. Usiku kucha kinakusanya mafunda 70. Hakizidi hapo. Kwa hiyo mtagawana."

Wakagawana. Pundamilia ana mwili mkubwa na safari ndefu, akapewa mafunda 30. Swala alikuwa ananyonyesha, akapewa 6. Ngiri 8. Nyani 5. Fisi akapewa 10. Mbweha 5. Mama Kanga na vifaranga vyake, wote kwa pamoja, mafunda 6. Hesabu yote ikawa 70.

Nyani ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu. Alikusanya mbegu za ubuyu zilizodondoka chini ya mbuyu, na kila mmoja akipiga funda moja, Nyani anaweka mbegu moja juu ya jiwe.

Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, kisimani hakuna kuwindana. La pili, ukimaliza fungu lako, toka. La tatu, hakuna kuchimba bila Bibi Tembo kuwepo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Fisi kwa sauti tamu. "Mimi nimeridhika kabisa."

Mafunda 10 yalimtosha kweli. Fisi hupata majimaji mengi katika nyama anayokula, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kuonja maji. Lakini alipopanga foleni asubuhi na kumwona Pundamilia akipiga mafunda 30, roho ilimuuma. "Thelathini!" aliwaza. "Na mimi kumi?" Hakujiuliza Pundamilia ni mkubwa kiasi gani. Alihesabu mafunda tu.

Usiku, Nyani hulala juu ya mti. Swala hukaa mbali, anaogopa giza. Ngiri hujifungia shimoni. Fisi ndiye atembeaye usiku.

Usiku wa kwanza aliteremka kisimani peke yake, akanywa mafunda 10. Hakuna aliyemwona. Akajilamba, akaondoka.

Asubuhi foleni ilikwenda vizuri hadi kwa Mbweha. Mbweha alipiga funda moja tu, ulimi ukagusa mchanga.

"Maji yamekwisha," alisema.

Nyani alihesabu mbegu zake mara mbili. Zilikuwa 60. Mama Kanga na watoto wake walikuwa bado hawajanywa hata tone. Vifaranga vilimtazama mama yao, mama akatazama chini.

"Labda jana jua lilikuwa kali," alisema Fisi.

Usiku wa pili akarudi. Safari hii maji aliyoyakuta yalimwonekea machache, maana alikuja mapema na kisima kilikuwa bado kinajaa. Hakutaka kusubiri. Akaweka kucha chini ya ukuta, upande wa juu ya mto ambako maji hutokea, akakwangua kidogo. Maji yakatoka haraka zaidi. Akakwangua tena. Akanywa mafunda 15, akafurahi, akadhani amegundua siri ambayo Bibi Tembo aliwaficha.

Siri haikuwepo. Ule mchanga uliolowa wa chini ndio unaoubeba mchanga mkavu wa juu. Fisi alikuwa ameubomoa msingi, akaacha pango dogo chini ya ukuta.

Asubuhi ya pili Nyani alihesabu mbegu 55 tu. Na sikiliza jambo hili: maji yalikatika wakati Fisi mwenyewe yuko kisimani, amepiga mafunda 6.

"Bado manne yangu!" alipiga kelele. "Mmeniibia!"

Hakuna aliyemjibu. Mbweha aliondoka bila kunywa. Kifaranga cha mwisho cha Mama Kanga hakikuweza tena kutembea, kikabaki kimelala kivulini chini ya bawa la mama yake.

Usiku wa tatu Fisi hakunywa akiwa amesimama pembeni. Aliingia mzima hadi chini, akasukuma kichwa ndani ya lile pango, akawa anakwangua na kunywa, anakwangua na kunywa. Akafika funda la 12.

Ukuta ukashuka.

Haukutoa mlio mkubwa. Mchanga ulimwagika tu, ukafunika mgongo, ukafunika miguu ya nyuma. Fisi alichomoa kichwa kwa nguvu, akakitoa nje, lakini mwili ulibaki ndani hadi mabegani. Akajaribu kupanda. Mwili wa fisi umeinamia nyuma, miguu yake ya nyuma ni mifupi kuliko ya mbele, na mchanga unakimbia chini ya kila hatua. Kadiri alivyopiga mateke ndivyo mchanga wa juu ulivyozidi kuteremka. Na kila alipotoa pumzi, mchanga ulikaza kifua, asiweze kuivuta tena yote.

Akalia, "Uuu-wuup!" Mlio wa fisi husikika mbali sana usiku akiwa uwandani. Ukiwa ndani ya shimo unaishia shimoni.

Mama Kanga ndiye aliyesikia kwanza, alfajiri. Alisogea, akachungulia. Alimwona Fisi, akaona na kisima kilivyojaa mchanga. Mama Kanga angeweza kuondoka zake. Badala yake alipaza ile sauti yake ya kukwaruza, akawaamsha wote.

Swala aliposogea karibu, Ngiri alimzuia. "Usikanyage mdomoni! Utamzika."

Ngiri ni mchimbaji, anaijua kazi hiyo. Hakuchimba kutokea juu ya Fisi, kwa sababu ungeondoa mchanga mmoja ukaja mwingine. Alizunguka upande wa chini ya mto, ambako ukuta ulikuwa bado umelala, akachimba mfereji mpana kuelekea ubavuni mwa Fisi. Nyani alikaa nyuma yake, anapokea mchanga kwa mikono na kuutupa mbali. Mbweha alichimba mkono wa kushoto.

"Acha kutikisika," Ngiri alimwambia Fisi. "Pumua kidogo kidogo."

Walipofika kifuani, Bibi Tembo aliingia kwa mfereji ule ule, hatua moja moja, asiitikise kingo. Alipitisha mkonga nyuma ya miguu ya mbele ya Fisi, akamzungushia kifuani. Shingoni hakumgusa. Akavuta polepole kwa mshazari, mchanga ukamwachia mguu mmoja, kisha wa pili. Jua lilikuwa limeshapanda Fisi alipolala juu ya mchanga, pua imejaa, macho mekundu.

Hakuna aliyempiga. Nyani alileta mbegu zake za ubuyu.

"Usiku wa kwanza?" aliuliza.

"Kumi," Fisi alisema.

"Wa pili?"

"Kumi na tano."

"Na jana?"

"Kumi na mbili."

Nyani alipanga mbegu 37 mstari mmoja mbele ya Fisi. Kisha akamgeukia Bibi Tembo. "Kisima kipya kitachukua muda gani?"

"Hapa mchanga umeshalegea, hapafai," alisema Bibi Tembo. "Tutahamia juu ya kona. Tuchimbe leo, tumwage maji machafu kesho. Keshokutwa ndiyo mtakunywa."

Nyani akarudi kupanga. Leo, mbegu 70. Kesho, mbegu 70. Mstari huo wa pili ulikuwa mrefu hadi ukapita mkia wa Fisi. Zilikuwa mbegu 140.

"Hizi 37 ni ulizochukua," alisema. "Hizi 140 ni zilizopotea. Na humu ndani 20 ni zako mwenyewe."

Fisi aliutazama mstari mfupi, akautazama mrefu. Kisha alimtazama yule kifaranga chini ya bawa.

"Bibi," alisema, "nifukuzeni."

"Ukifukuzwa nani atachimba?" Bibi Tembo aliuliza. "Una kucha nzuri. Leo utazitumia mahali ninapokuonyesha. Na hawa wadogo hawatasubiri mpaka keshokutwa. Mama Kanga, leta watoto kwenye kisima chetu."

Tembo wakasogea, wakawapisha. Yule kifaranga cha mwisho akabebwa hadi ukingoni, Bibi Tembo akamdondoshea maji kwa ncha ya mkonga, tone baada ya tone, mpaka akafumbua macho.

Fisi alichimba mchana kutwa pamoja na Ngiri. Kila alipotaka kwenda chini wima, Ngiri aligonga ardhi kwa pembe yake, na Fisi akaulaza ukuta. Mchanga aliutupa mbali. Siku ya pili maji machafu yalitoka, naye mwenye kiu ya siku mbili akayaangalia yakimwagwa.

Siku ya kunywa, foleni ilipangwa upya. Mafungu yalikuwa yale yale, isipokuwa Fisi alisimama mwisho, nyuma ya Mama Kanga. Kisima kipya kilikuwa hakijazoea, usiku huo kilikusanya mafunda 64. Vifaranga vilipata yote 6. Zamu ya Fisi ilipofika, alipiga mafunda 4, maji yakaisha. Aliutazama ukuta uliolowa, akatoka.

"Bado sita zako," alisema Nyani.

"Najua," alisema Fisi.

Asubuhi iliyofuata kisima kilifika 70, na Fisi akapata mafunda 10 yake.